Barua ya Mashine ya Kahawa Ofisini

Barua ya kuwaomba wafanyakazi wenzako mchange mashine ya kahawa hukubaliwa au hukataliwa kwa hesabu moja: ni vikombe vingapi vitaacha kununuliwa nje. Kwa hiyo kabla ya kuiandika ni vyema kupita kila meza kwa wiki moja na kuandika nani amenunua kahawa, wapi na kwa bei gani.

Tuchukue mfano wa ofisi ya watu 10 jijini Dar es Salaam, kila mmoja akinunua kikombe kimoja mgahawani kwa shilingi 2,500. Kwa siku 22 za kazi hivyo ni vikombe 220, sawa na shilingi 550,000 kwa mwezi. Mashine ya kuchuja itakayowatosha tuseme inauzwa 300,000. Kikombe hutumia kama gramu 10 za kahawa ya kusaga, hivyo kilo mbili na nusu zinatosha mwezi mzima, pamoja na zitakazomwagika. Kwa shilingi 30,000 kilo moja, kahawa ni 75,000. Maziwa na sukari yakiwa 88,000, na maji, umeme na karatasi za kuchujia 22,000, jumla ni 185,000, yaani karibu shilingi 840 kwa kikombe.

Hesabu hiyo inavutia mno, na hapo ndipo barua nyingi hukosea. Si wote watakaoacha mgahawa. Wengine huendea upepo na mazungumzo. Mwandishi mwaminifu huweka nusu ya vikombe: “Ndugu wafanyakazi wenzangu, tukihamisha vikombe 110 tu, tutaokoa shilingi 182,500 kwa mwezi, na mashine itakuwa imejilipa kabla ya miezi miwili kwisha.” Msomaji huiamini kwa sababu haikutiwa chumvi.

Yupo pia anayekunywa kahawa chungu ya kijiweni, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele kwa shilingi mia chache. Huyo mashine itamwongezea gharama, na kumtoza mchango sawa na wengine ni kumwonea. Ni haki zaidi kila mtu alipie vikombe alivyokunywa, kwa alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mchango wa kununulia mashine nao uwe wa hiari, na barua iseme itakuwa mali ya nani mtu akihama kazi.

Mwisho barua itaje zamu za usafi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba meupe ndani ya mashine. Ikianza kuchukua muda mrefu kuchuja, ichemshiwe siki iliyochanganywa na maji, kisha isuuzwe mara mbili. Kahawa iliyoachwa juu ya sahani ya moto kwa saa nzima huwa chungu na kunuka kuungua, na wanywaji hurudi mgahawani mmoja mmoja.