Kizio Kinachoamua Umbo la Grafu

Bakteria wa E. coli wakioteshwa kwenye mchuzi wenye lishe, katika joto la nyuzi 37 za Selsiasi, hugawanyika takriban kila dakika 20. Mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Wakianza 100, idadi yao baada ya vipindi n vya dakika 20 ni y = 100 × 2ⁿ. Namba 100 ndipo grafu inapokata mhimili wa wima. Namba 2 ni kizio, yaani namba inayozidisha idadi kila kipindi kimoja kinapopita.

Kizio hakisomeki bila kipindi chake. Bakteria wale wale wakihesabiwa kwa saa, kizio si 2 tena. Saa moja ina vipindi 3, na wengi hukimbilia 2 × 3 wakapata 6. Lakini kila kipindi huzidisha kilichoachwa na kipindi kilichotangulia, hivyo jibu ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Mlinganyo huwa y = 100 × 8ᵗ, t ikiwa ni saa. Grafu haibadiliki: baada ya saa 2 bakteria ni 6,400 kwa hesabu zote mbili. Chupani, hata hivyo, mambo hayaendi hivyo siku nzima. Mwanzoni bakteria huchukua muda kuuzoea mchuzi, na mwishoni chakula hupungua na taka zao hujaa, grafu ikalala. Kizio 2 husomwa katikati tu.

Kizio kikiwa chini ya 1, grafu hushuka. Kwa mtu mzima mwenye ini lenye afya, nusu ya parasetamoli iliyo mwilini huondoka kwa saa 2 hadi 3, na kizio cha 0.75 kwa saa kinaangukia humo. Tuseme miligramu 1,000 zimekwisha kuingia kwenye damu: y = 1000 × 0.75ᵗ. Hiyo 0.75 ni sehemu inayobaki. Inayoondoka ni 0.25. Saa ya kwanza zinatoka miligramu 250, zinabaki 750. Anayedhani kila saa zitatoka 250 atasema dawa imekwisha saa ya 4. Kumbe saa ya pili inatoa robo ya 750, si ya 1,000, na saa ya 4 bado zipo karibu 316. Ndiyo maana grafu huanza kwa mteremko mkali, kisha ikazidi kulegea bila kugusa sifuri.

Kukitafuta kizio kwenye grafu, husomwa nukta mbili zilizoachana kipindi kimoja, na ya baadaye ikagawanywa kwa ya awali: 750 ÷ 1000 ni 0.75, na 562.5 ÷ 750 ni 0.75 vilevile. Majibu yakitofautiana sana, grafu si ya aina hii. Pombe hushindwa jaribio hilo. Ini huiondoa kwa kiasi kinachokaribia kuwa kile kile kila saa, mstari wake ukashuka ukiwa umenyooka, na hauna kizio cha kusomwa.