Hina, Nili na Nywele Nyembamba

Mwezi uliopita nilikwenda Nuu, huko Kitui, kumjulia hali mpwa wangu aliyeolewa huko. Nilimkuta amejifunga kilemba hata ndani ya nyumba. Nilipomdadisi, akasema, "Mjomba, nywele zimekuwa nyembamba, kichwa chaonekana, na mvi zimenijaa mbele. Nimeshauriwa nizichubue kwa dawa, kisha nizitie rangi zipate kuonekana nyingi."

Nikamwambia asithubutu. Dawa ya kuchubua hufungua magamba ya unywele na kuula ndani; unywele mnene huenda ukavumilia, mwembamba hukatika. Weusi mtupu nao haufai, kwani rangi moja tangu shina hata ncha huzilaza nywele, na njia ya nywele ikang'ara katikati kama uzi mweupe. Jicho huona wingi penye kivuli: chini pawe peusi, juu pawe na wekundu.

Tulichanganya gramu mia za hina safi, unga wa kijani unaonukia majani makavu, kwa maji ya uvuguvugu hata ikawa nzito kama mtindi. Tukaiacha saa kadhaa mpaka uso wake ukawa kahawia. Akapakwa kichwa kizima, akakaa saa mbili, kisha akaosha kwa maji aliyoletewa na punda. Hina haing'arishi unywele mweusi. Huuachia wekundu unaoonekana juani tu. Lakini mvi zote zilitoka rangi ya shaba. Tena hina hushikamana na unywele, ukashikika mnene kidogo.

Ndipo ikaja nili, yaani unga wa majani ya mnili, si ile buluu ya kufulia! Hiyo huchanganywa kwa maji na chembe ya chumvi, ikatumiwa kabla haijapita nusu saa. Tulipaka matabaka ya chini tu, kisogoni na juu ya masikio, kwa nusu saa. Utosini tukapaacha na shaba yake. Nywele nyembamba hunywa rangi upesi, kwa hiyo tulijaribu kwanza kishungi kimoja.

Asubuhi alinijia amefadhaika, mvi za kisogoni zimekuwa za kijani. Nikamtuliza: nili huwiva kwa hewa. Siku ya tatu zilikuwa kahawia iliyokolea.

Wazee wetu madrasa walitusomesha hadithi inayosifu hina na katamu kwa kubadilisha mvi, basi jambo hili si geni. Kigeni ni ile iitwayo "hina nyeusi", ambayo mara nyingi ni piko, dawa ya kiwandani iliyowatoa malengelenge wanawake wengi wa mwambao. Hina ya kweli haiwi nyeusi.

Sikumficha kwamba hina haioteshi hata unywele mmoja, wala haitoki kwa kuosha. Baada ya wiki sita apake mashina tu. Akirudia kichwa kizima kila mara, shaba itageuka damu ya mzee na nywele zitakauka. Juzi ameniagiza nimpelekee pakiti mbili kwa basi.