Furaha Inayozaliwa na Balaa la Mwingine

Uko barabarani. Dereva mmoja anakupita kwa fujo, anapiga honi na kukupungia mkono akutoe njiani. Kilomita 2 mbele unamkuta amesimamishwa na polisi, anatafuta leseni. Husemi kitu, hupunguzi hata mwendo, lakini moyoni kuna utamu fulani. Utamu huo Wajerumani wanauita Schadenfreude, na hutamkwa karibu na “shadenfroide”.

Neno hili limeunganishwa kwa mawili. Schaden ni madhara au hasara. Freude ni furaha. Katika maneno ya aina hii la mwisho ndilo kichwa: kinachotajwa ni furaha, na hayo madhara yanaieleza tu. Lakini tazama lisichosema. Madhara ya nani? Na furaha ni ya kuyatenda, au ya kuyaona? Viungo havijibu. Ni mazoea ya Wajerumani yaliyokaza maana moja: madhara ni ya mwingine, na aliyefurahi ni mtazamaji.

Nadhani hapo ndipo tafsiri ya Kiingereza ilipokwama. Waswidi na Waholanzi walijiundia maneno yao kwa mtindo huohuo, la madhara au mateso likiunganishwa na la furaha, na yakashika. Kiingereza ni ndugu yao, ila neno lake la asili linalolingana na Schaden limekwisha kufifia. Siku hizi husikika zaidi mtu anaposemwa kuwa ametoka salama bila kudhurika. Ukiunganisha maneno yake mengine ya madhara na furaha, msikilizaji atadhani unamsema mtu anayependa kuumiza wenzake. Kitenzi chao cha kushangilia nacho humfaa zaidi anayejionyesha, kama sisi tunaposema mtu anamsimanga mwenzake. Yule wa barabarani hakumsimanga mtu. Alinyamaza na utamu wake.

Si kwamba hawakujaribu njia nyingine. Mwaka 1721 kamusi ya Nathan Bailey iliingiza neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, neno ambalo Aristotle alikwisha kulitumia, likiwa limevikwa umbo la Kiingereza. Lilibaki kamusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Richard Chenevix Trench, kasisi aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Dublin, alilitaja lile la Kijerumani katika kitabu chake cha kuchunguza maneno. Hakuwa akiwashauri wenzake waliazime. Alihuzunika kwamba lugha yoyote inaweza kuwa na neno kama hilo, maana kuwapo kwa neno ni ushahidi kwamba jambo lenyewe lipo.

Wakaliazima hata hivyo, likaja na maana iliyokwisha kukazwa. Wajerumani huandika kila nomino kwa herufi kubwa mwanzoni, na kwa muda Waingereza waliliachia neno hilo herufi yake kama mgeni asiyevuliwa kofia. Leo wengi wao huliandika kwa herufi ndogo.