Vumbi la zizi lakinga watoto na pumu

Mzazi wa mtoto mwenye pumu huliogopa vumbi, na ana haki. Lakini kuna vumbi na vumbi.

Huko Marekani, Waamishi na Wahuteraiti wana asili zinazofanana. Hata hivyo, pumu huwapata watoto 5 hivi katika kila 100 wa Waamishi, na 21 wa Wahuteraiti. Waamishi hulima kwa farasi, na watoto wao hucheza zizini. Wahuteraiti hutumia mashine.

Mwaka 2016 watafiti walitia vumbi la nyumba zao puani mwa panya. La Waamishi, lenye masalio mengi ya bakteria, liliwakinga. La Wahuteraiti halikuwakinga. Panya waliozaliwa bila uwezo wa kutambua bakteria hao hawakukingika.

Aliyekwisha kuugua, zizi si dawa yake.