Pensheni ya Yatima na Mkono wa Mlezi

Katika mashamba ya chai ya Mufindi, kama ilivyo katika viwanda na shule binafsi za Iringa na Mbeya, mfanyakazi aliyechangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) hadi kutimiza masharti ya pensheni huwaachia wategemezi wake mafao ya warithi, yaani malipo ya kila mwezi ambayo mjane au mgane hupata asilimia 40, na watoto wote kwa pamoja asilimia 60 zinazogawanywa sawa kwa sawa. Iwapo hakuna mjane wala mgane, pensheni yote huwa ya watoto.

Tuseme pensheni ya marehemu ni shilingi 300,000: mama atapata 120,000, na watoto watatu 180,000, yaani 60,000 kila mmoja. Ikiwa mdogo wao analelewa na bibi yake Rungwe, hizo 60,000 ni za mtoto huyo hata akiwa mbali na ndugu zake.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo, ili akusanye na kugawa mali ya marehemu. Mlezi ndiye anayeishi na mtoto na kumtunza. Baba mdogo anaweza kuwa msimamizi huku mlezi akiwa bibi, na muhtasari wa kikao usipolitamka hilo waziwazi, fedha za mtoto zinaweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyemlisha.

Mlezi huanzia kwenye cheti cha kifo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambavyo hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Jina la baba likiandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha mtoto na kwa namna nyingine kwenye kumbukumbu za Mfuko, madai hukwama, kwa hiyo ni busara kulinganisha herufi kwa herufi kabla ya kuyawasilisha.

Malipo huendelea hadi mtoto atimize miaka 18, au 21 akiwa bado masomoni kwa muda wote, wakati mwenye ulemavu hana ukomo wa umri. Kijana wa kidato cha tano anayekaribia miaka 18 anahitaji barua ya shule mapema.

Kuhusu matumizi, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja stahili za mtoto kuwa ni chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na hata kucheza. Madeni ya matanga hayamo. Daftari la mlezi lenye tarehe, kiasi na stakabadhi ya sare au dawa humlinda yeye mwenyewe pale ndugu wanapouliza. Na pale ambapo pensheni inaingia kila mwezi huku mtoto akikosa madaftari, jirani au mwalimu anaweza kumweleza afisa ustawi wa jamii, ambaye ana uwezo wa kulifikisha suala hilo Mahakama ya Watoto.