Nembo ya Bima, Fedha ya Mwajiri: Nani Huamua Madai ya Matibabu?

Barua ya kukataa kugharamia tiba huja na nembo ya kampuni ya bima, hutiwa saini na ofisa wa kampuni ya bima, na huishia mikononi mwa mgonjwa aliyebeba kadi yenye jina la kampuni hiyo hiyo. Si ajabu, basi, kwamba mgonjwa na daktari wake huelekeza malalamiko yao huko. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wanaofika katika kliniki zetu, fedha iliyokataliwa si ya kampuni ya bima hata kidogo. Ni fedha ya mwajiri, na kampuni ya bima imeajiriwa tu kuzihesabu na kuzilipa. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kubisha hodi wiki sita katika mlango usio na mwenye nyumba.

Mipango ya matibabu ya waajiri wa sekta binafsi ni ya namna mbili. Ya kwanza ni bima ya kundi. Mwajiri hulipa ada ya bima mwanzoni mwa mwaka, na kampuni ya bima hubeba hatari yote. Tuseme mwajiri mwenye watumishi 400 amelipa shilingi milioni 900. Kama gharama za matibabu zitafika milioni 700, kinachobaki ni cha kampuni. Kama zitafika milioni 1,200, hasara ni yake pia, ingawa mwajiri ataisikia hasara hiyo katika ada ya mwaka unaofuata. Ya pili ni mfuko wa mwajiri mwenyewe. Hapa mwajiri hanunui bima. Huweka amana kwa msimamizi, ambaye mara nyingi ni kampuni ya bima ile ile inayouza bima za makundi, na kumlipa ada ya usimamizi. Msimamizi hutoa kadi, huingia mikataba na hospitali, hukagua ankara na kuzilipa kutoka katika amana. Inapopungua, humwomba mwajiri aijaze tena. Milioni 700 ikitumika, mwajiri amelipa milioni 700 na ada ya msimamizi. Ikitumika milioni 1,200, amelipa zote.

Kwa mgonjwa aliyesimama mapokezi, mipango hii miwili haina tofauti inayoonekana. Kadi ni moja, namba ya simu ya vibali ni moja, na daktari mshauri anayejibu maombi anaweza kuwa mtu yule yule. Tofauti iko katika karatasi ambazo mgonjwa hazioni kwa kawaida. Bima ya kundi ina hati ya bima. Mfuko wa mwajiri una mkataba wa huduma za usimamizi pamoja na kijitabu cha kanuni za mafao kilichoidhinishwa na mwajiri. Swali linalofichua ukweli upesi, na ambalo mfanyakazi yeyote anaweza kumuuliza ofisa rasilimali watu wake, ni hili: gharama za mwaka zikizidi zilivyokadiriwa, nani hulipa ziada? Zipo dalili nyingine. Barua ya kukataa inaposema kwamba uamuzi umetolewa "kwa niaba ya mpango" au "kwa mujibu wa kanuni za mpango", bila kutaja namba ya hati ya bima, kuna uwezekano mkubwa kwamba anayesema ni msimamizi. Hali kadhalika, kadi za watumishi wote wa mwajiri mmoja zikikataliwa siku moja bila kujali ugonjwa, sababu inaweza kuwa amana iliyokauka, wala si uamuzi wa kitabibu. Wenzetu wa mapokezi wangefanya vyema kutomwambia mgonjwa wa namna hiyo kwamba "bima imekukataa".

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga kutokana na hali tunazokutana nazo. Mwanamke wa miaka 46 ana saratani ya matiti yenye kipokezi cha HER2, na amepangiwa dawa ya trastuzumabu. Utaratibu uliozoeleka baada ya upasuaji ni dozi moja kila wiki tatu kwa muda wa mwaka mmoja, yaani dozi 18, huku moyo ukipimwa kwa mawimbi ya sauti mara kwa mara kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuudhoofisha. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme kila dozi ni shilingi milioni 3.5, na tuache gharama nyingine pembeni. Jumla ni milioni 63. Jedwali la mafao linasema ukomo wa saratani ni milioni 30 kwa mwaka. Hospitali inaomba kibali cha dozi zote 18, na jibu linarudi: limekataliwa, limezidi ukomo.

Kabla ya kuuliza nani ameamua, ni vizuri kutazama ombi lenyewe lilivyoandikwa. Mwaka wa mpango huu huanza Januari na kuisha Desemba. Mgonjwa anaanza dozi ya kwanza katikati ya Juni. Kufikia mwisho wa Desemba atakuwa amepata dozi 10, zenye thamani ya milioni 35. Nane zilizobaki, za milioni 28, zitaangukia mwaka unaofuata na ukomo mpya. Kwa hiyo upungufu wa mwaka huu ni milioni 5, si milioni 33. Ombi lililoandikwa kwa jumla moja lilificha jambo hilo, na karani wa vibali hakuwa na sababu ya kulifumbua. Sisemi kwamba tiba icheleweshwe ili iendane na kalenda ya mkataba, hilo halikubaliki. Nasema kwamba tarehe za dozi ziandikwe katika barua ya daktari, moja baada ya nyingine.

Sasa milioni 5 zilizobaki. Chini ya bima ya kundi, ukomo ni sehemu ya mkataba kati ya mwajiri na kampuni. Mkurugenzi wa rasilimali watu anaweza kupiga simu, anaweza kusihi, lakini hawezi kuamuru. Kampuni ikitaka inaweza kulipa kwa hisani, hasa kama mteja ni mkubwa na mkataba unakaribia kuhuishwa, ila hailazimiki. Mgonjwa hapa ana nguvu ya namna nyingine: maneno ya mkataba. Kama jedwali halisemi wazi kwamba dozi za sindano za kliniki ya mchana zinahesabiwa katika ukomo wa saratani, sheria ya mikataba ya bima kwa desturi huelekea kuufasiri utata dhidi ya aliyeuandika. Na kama kampuni inashikilia msimamo, Tanzania kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, zote zikitokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Chini ya mfuko wa mwajiri, mambo yanageuka. Msimamizi aliyekataa hakukosea. Ametekeleza kanuni alizopewa. Lakini aliyeziandika kanuni yuko ghorofa moja na mgonjwa, au jengo la pili, na ana mamlaka ya kuruhusu milioni 5 zaidi kwa barua ya mstari mmoja. Rufaa inayopelekwa kwa msimamizi pekee itajibiwa kwa kunakili kanuni ile ile. Inapaswa iende kwa kamati ya mfuko, au kwa ofisa aliyetajwa katika kijitabu, nakala ikibaki kwa msimamizi. Kwa upande mwingine, mgonjwa huyu hana hati ya bima ya kumpelekea Msuluhishi, maana mwajiri hakumuuzia bima. Kama mafao ya matibabu yameandikwa katika mkataba wake wa kazi au mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi, njia yake ni ile ya mgogoro wa kazi, ambayo kwa Tanzania hupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Njia hiyo ni ndefu kuliko muda ambao uvimbe huu utasubiri.

Hata mwajiri mwenye moyo mwema ana kamba shingoni. Wengi wa wenye mifuko hununua bima ya kuzuia hasara kubwa: gharama za mtu mmoja zikipita kiwango fulani, tuseme milioni 50, kampuni iliyouza bima hiyo humrudishia mwajiri ziada. Laiti mgonjwa wetu angeanza wiki ya kwanza ya Januari, dozi zote 18 zingeangukia mwaka mmoja, na mwajiri angetazamia kurudishiwa milioni 13. Asingezipata. Bima ya aina hii hufidia yaliyolipwa kwa mujibu wa kanuni zilizoandikwa, na kanuni zilisema milioni 30. Zilizolipwa kwa huruma hazihesabiwi. Mwajiri angebeba milioni 63 peke yake. Ndiyo sababu kamati nyingi husita, na ndiyo sababu ombi lenye nguvu zaidi huwa ni la kubadili kanuni kwa wote kabla mwaka haujaanza, kuliko kuomba upendeleo kwa mmoja katikati ya mwaka.

Marekani ndiko tofauti hii ilikopimwa zaidi mahakamani. Sheria ya ERISA ya mwaka 1974 iliacha kampuni za bima chini ya sheria za majimbo, lakini ikasema mpango wa mwajiri anayejigharamia usihesabiwe kuwa kampuni ya bima. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilithibitisha hivyo katika shauri la shirika la FMC. Matokeo yake ni kwamba majirani wawili wenye kadi zenye nembo moja wanaweza kuwa na haki tofauti: jimbo likiamuru bima igharamie tiba fulani, amri humfikia mmoja na kumruka mwingine. Hata hivyo sheria hiyo inaudai mpango wa afya umpe mgonjwa sababu za maandishi na siku 180 za kukata rufaa, na rufaa ya dharura ijibiwe ndani ya saa 72. Msomaji mwenye ndugu huko anaweza kumkumbusha.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi madaktari moja kwa moja. Rufaa ikienda kwa mwajiri, huenda na ugonjwa. Katika bima ya kundi, jina la ugonjwa hukaa hospitalini na kwa kampuni ya bima. Katika mfuko wa mwajiri, anayeombwa kuongeza milioni 5 ndiye pia anayepandisha watu vyeo na kupunguza wafanyakazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo mgonjwa atie saini ya ridhaa inayotaja nani ataisoma barua. Barua yenyewe iwe mbili. Ya kitabibu, yenye majibu ya vipimo na aina ya saratani, iende kwa daktari mshauri wa msimamizi. Ya kamati iseme tu kwamba mtumishi mwenye namba fulani ya uanachama anahitaji tiba iliyothibitishwa na daktari huyo, kwamba itakamilika mwezi Juni mwakani, na kwamba kinachoombwa juu ya ukomo wa mwaka huu ni shilingi milioni 5.