Hisa Zenye Tarehe ya Kulipwa

Kwenye waraka wa kuuza hisa kuna sentensi ambayo wanunuzi wengi huipita haraka, lakini mhasibu mzoefu huanza nayo. Ni ile inayosema fedha itarudi lini, na nani mwenye kuamua irudi.

Tuchukue kampuni ya kusaga mahindi ya Morogoro, niliyoibuni kwa ajili ya hesabu hii. Inataka mashine mpya. Benki imeshaikopesha shilingi bilioni 1.5, na wenye kampuni hawataki mgeni wa kuja kupiga kura kwenye mikutano yao. Kwa hiyo, mwanzoni mwa Januari 2026, wanatoa hisa za upendeleo laki moja, kila moja kwa shilingi 10,000, na kukusanya bilioni moja. Mnunuzi hapati kura, ila atalipwa gawio la asilimia 8 kila mwaka, na mwaka ambao halikulipwa litalimbikizwa. Tarehe 31 Desemba 2030 kampuni itazikomboa hisa zote kwa shilingi 11,000 kila moja.

Mwisho wa mwaka mkurugenzi anataka bilioni ile iandikwe kwenye mtaji. Cheti kimeandikwa hisa, msajili wa kampuni anazitambua kama hisa, sasa tatizo liko wapi? Mkaguzi wa hesabu anamjibu kwa swali: "Sawa, mama. Ikifika Desemba 2030, unaweza kuwaambia hamlipi?"

Hawezi, na ubishi unaishia hapo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 32, ambacho hutumika Tanzania na Kenya, kinataka chombo cha fedha kipangwe kwa uhalisia wa mkataba wake, hata kama sheria imekipa jina jingine. Kampuni ikiwa imefungwa kutoa fedha na haina namna ya kukataa, ile ni dhima. Bilioni moja ya Morogoro inakaa upande wa madeni kwenye mizania, jirani na mkopo wa benki.

Swali la nani mwenye uamuzi linastahili kutazamwa kwa makini, maana neno moja kwenye mkataba hubadili kila kitu. Kama mwenye hisa ndiye mwenye haki ya kudai akombolewe, ni dhima vilevile, hata kama hakuna dalili kwamba atadai. Lakini mkataba ukisema kampuni "inaweza" kuzikomboa ikipenda, na gawio nalo liko mikononi mwa kampuni, basi ni mtaji. Hubaki mtaji mpaka siku kampuni itakapowatangazia rasmi wenye hisa kwamba inazikomboa.

Kuna hali ya tatu inayowasumbua hata wahasibu wenye uzoefu. Ukombozi ni wa lazima, lakini gawio hutolewa kampuni ikitaka, na lisipotolewa halilimbikizwi. Hapo chombo kimoja kinagawanywa. Thamani ya leo ya fedha itakayolipwa siku ya ukombozi ni dhima, kinachobaki ni mtaji, na gawio likitolewa hutoka kwenye faida iliyobakizwa badala ya kuwa gharama. Lakini gawio lisilolipwa likiongezwa kwenye bei ya ukombozi, chombo chote kinarudi kuwa dhima. Hisa zetu za Morogoro zina tarehe ya lazima na gawio limbikizi, kwa hiyo hakuna cha kugawanya.

Mkurugenzi ana hoja moja bado, na si ya kijinga. Sheria za kampuni kwa kawaida huruhusu hisa zikombolewe kutoka kwenye faida inayoweza kugawanywa, au kwa fedha za hisa mpya. Je, kampuni ikiwa haina faida mwaka 2030? Kiwango kimelijibu hilo wazi: kukosa fedha, kukosa faida ya kutosha, au kuzuiwa na sheria hakufuti wajibu. Anayedaiwa na hana kitu bado anadaiwa.

Sasa tuje kwenye gawio. Hisa zikishakuwa deni, malipo yake hufuata. Shilingi milioni 80 za kila mwaka haziwezi tena kukatwa chini, baada ya faida kujulikana, kama gawio la hisa za kawaida. Zinapanda kwenye taarifa ya faida na hasara, zinaingia kwenye gharama za fedha pamoja na riba ya benki, na zinapunguza faida. Hazisubiri bodi ilitangaze gawio. Mwaka ukiisha, gharama imeshaingia.

Isitoshe, gharama yenyewe si milioni 80. Kampuni ilipokea bilioni 1 na itarudisha bilioni 1.1. Ile milioni 100 ya ziada nayo ni bei ya kutumia fedha za watu kwa miaka mitano, na kuibebesha mwaka wa mwisho peke yake ni kuudanganya mwaka huo na ile iliyotangulia. Mhasibu hutafuta kiwango kimoja cha riba kinachosawazisha fedha iliyopokewa na malipo yote yajayo. Hapa kinatoka takriban asilimia 9.65. Kwa hiyo mwaka 2026 gharama ya fedha ni milioni 96.5. Milioni 80 zinalipwa taslimu, milioni 16.5 zinaongezwa kwenye dhima, na deni linafika milioni 1,016.5. Mwaka unaofuata asilimia ileile inapigwa kwenye deni hili lililokua, na gharama inakuwa kama milioni 98.1. Hivyo hivyo mpaka deni linatua kwenye bilioni 1.1 siku ya kulipa. Ukikuta hesabu ambazo gharama ya hisa za namna hii ni ileile kila mwaka, ilhali bei ya kukomboa ni kubwa kuliko bei ya kuuzia, kuna mtu aliyeandika gawio akasahau ziada.

Kinachowauma wenye kampuni zaidi ni benki. Tuseme mkataba wa mkopo una sharti kwamba madeni yasizidi mtaji, na mtaji wa wenye kampuni ni bilioni 2. Kama hisa zile zingekuwa mtaji, madeni yangekuwa bilioni 1.5 dhidi ya mtaji wa bilioni 3, na kila mtu angelala usingizi. Zikiwa dhima, madeni ni bilioni 2.5 dhidi ya 2. Sharti limevunjwa bila kampuni kukopa senti moja zaidi benki. Sharti la aina hiyo likivunjwa na benki ikapata haki ya kudai fedha zake papo hapo, mkopo wote wa bilioni 1.5 hupangwa kuwa deni la muda mfupi, isipokuwa benki iwe imekubali kulegeza kabla mwaka wa hesabu haujafungwa. Barua ya Februari imechelewa. Dawa ni kuzungumza na benki kabla ya kuuza hisa, na kuandika kwenye mkataba wa mkopo jinsi zitakavyohesabiwa kwenye kipimo hicho.

Wapo wanaojifariji kwamba angalau gharama hii itapunguza kodi kama riba. Wasiharakishe. Kodi hufuata sheria yake, na mara nyingi sheria hiyo bado huyaona malipo haya kuwa gawio. Mhasibu hulazimika kuyarudisha kwenye faida anapokokotoa kodi.

Mwenye kutaka kununua hisa za kawaida za kampuni kama hii atazame mizania ya Desemba 2029. Dhima hiyo, ikiwa sasa kama milioni 1,076, itakuwa imehama kutoka madeni ya muda mrefu kwenda ya muda mfupi, kwa kuwa miezi iliyobaki ni 12. Alinganishe kiasi hicho na fedha iliyopo benki, kisha aulize mashine za Morogoro zimesaga kiasi gani.